Umejaza masterpiece na ultra detailed na picha bado haieleweki? Tafuta tatizo hapa

Wakuu, hii ni kwa wale mnaotengeneza picha kwa Stable Diffusion, iwe kwenye kompyuta yako mwenyewe au kwenye hizi huduma za mtandaoni zinazotumia modeli hizo hizo. Hapa Kigoma tumekuwa wengi sasa, watu wa steshenari, watu wa mabango, watu wa lebo za mawese na dagaa, na promti ninazoletewa nyingi robo tatu yake ni masterpiece, best quality, ultra detailed, 8k, alafu mtu analalamika kwamba picha haina uhai au kile alichotaka hakipo. Hayo maneno mara nyingi hayasaidii, na saa ingine ndo yenyewe yanaharibu. Nataka tupitie dalili moja moja, tuone kinachosababisha na cha kufanya.

Mfano ntatumia mmoja. Kuna kijana wa Ujiji alipewa kazi ya lebo ya dagaa wakavu, pakiti ya nusu kilo, mteja wake anakausha pale Kibirizi. Alitaka picha ya mama anatandaza dagaa kwenye chanja jioni, ziwa linaonekana. Modeli ni SDXL, programu ni AUTOMATIC1111, na promti yake hii hapa:

```
masterpiece, best quality, ultra detailed, 8k,
hyperrealistic, award winning, intricate details,
sharp focus, African woman, dagaa, Lake Tanganyika,
beautiful sunset, palm trees, (((ultra detailed)))
```

Kilichotoka ni binti wa kwenye tangazo la vipodozi, ngozi inang'aa mpaka haionekani kama ngozi, anatazama kamera, nyuma yake minazi na jua jekundu kubwa kama la Zanzibar kwenye kalenda. Chanja hamna, dagaa hamna. Akanipigia, "Kaka, niongeze neno gani? Ultra detailed nimeshaweka mara mbili." Nikamwambia aache kuongeza, tuanze kwanza kwa kupima.

Kabla ya kutibu, pima

Watu wengi wanabishana kuhusu maneno haya bila kupima, anaandika promti yenye masterpiece inatoka picha nzuri, anaandika isiyo na masterpiece inatoka mbaya, anahitimisha. Ila zile picha mbili zilianza na `Seed` tofauti, yaani zilianzia kwenye chengachenga tofauti, na tofauti ya `Seed` peke yake ni kubwa kuliko tofauti ya hayo maneno. Kwa hiyo hujapima neno, umepima bahati.

Fanya hivi. Kwenye kisanduku cha `Seed` toa ile -1, weka namba yoyote, iache hapo hapo. Tengeneza picha na maneno yote, kisha futa maneno ya sifa, tengeneza tena kwa `Seed` ile ile, `Steps` zile zile, `CFG Scale` ile ile. Weka mbili pembeni kwa pembeni. Ukitaka ifanyike yenyewe, shuka chini kwenye `Script`, chagua `X/Y/Z plot`, kwenye `X type` weka `Prompt S/R` na kwenye thamani andika hivi:

```
"masterpiece, best quality, ultra detailed, 8k", photo
```

Hapo programu inatafuta yale maneno yaliyomo kwenye alama za kunukuu, picha ya kwanza inayaacha kama yalivyo, ya pili inayabadilisha na neno `photo` tu. Hizo alama za kunukuu usizisahau, maana bila hizo kila koma itahesabiwa ni thamani mpya. Kwenye `Y type` weka `Seed` na uandike namba nne hivi tofauti, upate jedwali la picha nane. Sasa angalia kwa utulivu: je, nyuzi za nguo zimeongezeka kweli? Je, vidole vimenyooka? Au kilichobadilika ni rangi, mwanga na namna mtu alivyopozi? Kwa modeli za picha za kawaida jibu huwa hilo la mwisho. Neno limebadilisha mtindo, sio ubora.

Yule kijana alipoona jedwali lake alinyamaza kidogo alafu akasema, "Kumbe ya photo ndo inafanana na mtu." Ndo hivyo. Sasa tuendelee na kwa nini.

Dalili: ngozi ya plastiki, kila picha ina sura ile ile ya mchoro

Hapa lazima tuongee modeli ilivyosoma. Stable Diffusion ilifundishwa kwa picha za mtandaoni pamoja na maandishi yaliyokuwa yameambatana nazo, kwa matoleo ya mwanzo mkusanyiko unaitwa LAION. Hayo maandishi hayakuandikwa na mwalimu anayetoa maksi za ubora. Ni maelezo tu ambayo wenye tovuti waliambatanisha na picha zao. Sasa jiulize, mpiga picha wa gazeti akipiga mvuvi wa Katonga anarudi asubuhi na mtumbwi, ataandika nini? Ataandika mvuvi, ziwa, mahali, labda tarehe. Hawezi kuandika ultra detailed. Anayeandika 8k ni mtu wa picha za kuweka kwenye skrini ya kompyuta, anayeandika intricate details mara nyingi ni mchoraji wa kidijitali au mtu wa michoro ya 3D, na masterpiece inaandikwa sana kwenye habari za michoro ya rangi. Kwa hiyo ukiyaita maneno hayo unaivuta modeli upande wa kundi hilo la picha, na kundi hilo ndo lina ngozi laini, mwanga mkali wa pembeni na rangi zilizozidishwa.

Neno linalowapoteza watu kuliko yote ni hyperrealistic, na ndugu yake photorealistic. Mtu anadhani anaomba uhalisia. Ila picha ya kamera hakuna mtu anaiita inafanana na picha ya kamera, ni picha tayari. Kinachosifiwa hivyo ni mchoro au 3D uliokaribia kufanana na picha. Ukitaka picha ya kamera andika `photo of`, basi, na kama unataka iwe na tabia ya kamera taja lenzi au aina ya filamu, maana hayo kweli yanaandikwa na wapiga picha.

Kuna kingine. Hizi modeli zilishachujwa. Stable Diffusion 1.5 kwa mfano, hatua zake za mwisho za mafunzo zilitumia sehemu ya LAION iliyochaguliwa kwa alama za mvuto, picha zenye alama 5 kwenda juu. Yaani kupendeza kumeshapachikwa humo ndani kabla hujaandika neno hata moja, na ukiongeza sifa tano juu yake unaisukuma tu izidi kuremba.

Tiba ya dalili hii ni kuondoa maneno ya sifa yote kwa mpigo alafu kuandika mwanga. Narudia mwanga kwa sababu ndo unaotengeneza kile ambacho watu wanakiita ubora. Badala ya `beautiful sunset`, ambayo inaleta kalenda, sema jua liko wapi na linapiga nini. Sisi huku ziwa liko magharibi, jua linazama upande wa Kongo, kwa hiyo ukisimama Kibirizi ukatazama kaskazini maji yako kushoto kwako na mwanga wa jioni unatoka kushoto, chini chini, unapita juu ya chanja na kila samaki anapata kivuli chake. Hicho kivuli ndo jicho linakisoma kama undani. Kwa hiyo unaandika `low evening sun over the water from the left`, na hapo hujataja ubora popote ila chanja itaonekana ina samaki mmoja mmoja badala ya bonge moja la rangi ya fedha.

Dalili: vitu ulivyotaja havionekani kabisa

Chanja iko wapi? Kwenye promti ya yule kijana haikuandikwa kabisa, hilo la kwanza, na niwaambie linatokea sana, mtu anatumia nguvu yote kwenye sifa anasahau kutaja chenyewe. Dagaa aliwataja lakini hawakuja. Hapo kuna sababu mbili na nzito ni hii ya kwanza.

Sehemu inayosoma maandishi kwenye modeli hizi inaitwa CLIP, na inasoma vipande vinavyoitwa tokeni. Neno fupi la Kiingereza linalotumika sana ni tokeni moja, neno lisilofahamika linakatwakatwa tokeni mbili tatu, na koma nayo ni tokeni. Nafasi zote ni 77, mbili za mwanzo na mwisho zimeshachukuliwa, unabaki na 75. Kwenye AUTOMATIC1111 utaona kaunta pembeni ya kisanduku cha promti inaandika kiasi ulichotumia juu ya 75. Ukizidisha, programu hii haikatai, inafungua fungu jingine la 75 na kaunta inageuka kuwa ya 150, ila mafungu hayo yanasomwa kila moja kivyake, kwa hiyo maelezo ya nguo yakiangukia fungu la pili na mwanamke yuko fungu la kwanza, uhusiano wao unalegea. Ukitumia maktaba ya `diffusers` kwa njia yake ya kawaida ni mbaya zaidi, kinachozidi kinakatwa kabisa, unapewa onyo tu ambalo wengi hawalisomi.

Alafu CLIP inasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kila tokeni inaona zilizotangulia tu, haioni za mbele yake. Fikiria maana yake. Ukianza na masterpiece, best quality, ultra detailed, 8k, hyperrealistic, basi kila kinachofuata, mwanamke, samaki, ziwa, kinasomwa kikiwa tayari kimebeba ule mzigo wa michoro ya kidijitali. Na mama mwenyewe anayetandaza dagaa anakuja kwenye foleni nyuma kabisa. Kitu cha muhimu kinatakiwa kikae mwanzo.

Sababu ya pili ni neno dagaa. Maandishi ya mafunzo yalikuwa hasa ya Kiingereza, kwa hiyo dagaa, chanja, kitenge, mtumbwi, modeli inayaona kama herufi zilizokatwakatwa na inabahatisha. Haya hayatibiwi kwa ultra detailed. Yanatibiwa kwa kueleza kitu kinavyoonekana kwa mtu asiyekijua: dagaa ni `small silver dried fish`, chanja ni `waist-high wire mesh rack`, kitenge ni `colorful African print wrap`. Na mti hivyo hivyo. Ukiandika `palm trees` unaletewa minazi ya pwani kwa sababu picha nyingi zenye neno hilo ni za fukwe za watalii, sisi huku ni michikichi, kwa hiyo andika `oil palm trees`, na kama bado inaleta minazi iondoe kabisa maana kwenye lebo ya dagaa hauhitaji mti.

Promti tuliyofika nayo ni hii:

```
photo of a middle-aged Tanzanian woman in a colorful
African print wrap, bending over a waist-high wire mesh
rack, spreading small silver dried fish with both hands,
sandy lake shore, long narrow wooden boats behind her,
low evening sun over the water from the left,
seen from the side, 35mm lens
```

Inaingia ndani ya 75 bila shida. Isome uone, hamna sifa hata moja. Kuna mtu, umri, nguo, anafanya nini kwa mikono yake, juu ya nini, wapi, nyuma kuna nini, mwanga unatoka wapi, sisi tumesimama wapi. Yale maneno `spreading ... with both hands` na `seen from the side` ndo yaliyomwondoa binti wa tangazo, kwa sababu mtu usipompa kazi modeli inamsimamisha aitazame kamera. Boti mara ya kwanza zilikuja za Ulaya, zile fupi zenye rangi nyeupe, mpaka tulipobadilisha `fishing boats` kuwa `long narrow wooden boats`. Tulibadilisha kitu kimoja kimoja, `Seed` ile ile, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimefanya kazi.

Mpaka hapo samaki wenyewe walikuwa bado wamekaa kisadini sadini, wanene kuliko dagaa wetu. Hilo promti haliwezi kulimaliza na sioni sababu ya kupigana nalo. Ni bidhaa ya chakula, mnunuzi ana haki ya kuona anachonunua, kwa hiyo dagaa wa mbele kwenye lebo piga kwa simu, dagaa halisi wa mteja, mchana kwenye kivuli, alafu uwaweke juu ya picha ya modeli kama mandhari ya nyuma. Mi kwa lebo za chakula hapo sibadiliki.

Dalili: sura za watu wa nyuma na vidole vimevurugika hata ukiandika ultra detailed

Hii ndo inayowafanya watu waongeze sifa zaidi, na hapa promti karibu haihusiki. Shida ni nafasi. Stable Diffusion haifanyi kazi moja kwa moja kwenye pikseli, inafanya kwenye picha iliyominywa mara 8 kila upande. Picha ya 1024 kwa 1024 ndani yake ni gridi ya 128 kwa 128 tu. Sasa mvuvi aliye kule nyuma kichwa chake kina upana wa pikseli 40 hivi, ukigawa kwa 8 ni vyumba vitano kwa upana. Macho, pua, mdomo, vyote kwenye vyumba vitano kwa vitano, ni sawa na kupanga sura ya mtu kwa punje ishirini na tano za mchele. Hakuna neno la Kiingereza linaloweza kuongeza vyumba.

Kuitambua ni rahisi: mtu aliye karibu sura yake iko sawa, walio mbali wamevurugika, na wanavyozidi kuwa mbali ndo wanazidi. Ukiona hivyo acha promti kabisa, nenda kwenye ukubwa.

Anza na ukubwa ambao modeli ilifundishwa nao. SD 1.5 ni 512, SDXL ni kama 1024 kwa 1024 au maumbo yanayokaribia eneo hilo, kwa lebo ya kusimama tulitumia 832 kwa 1216. Ukiipa SDXL 512 inaharibika, na ukiipa SD 1.5 picha ndefu ya 1500 moja kwa moja inakuletea watu wawili waliobebana. Picha ikishakaa vizuri kwa mpangilio, washa `Hires. fix`. Inakuza picha alafu inaichora upya juu ya ule ukubwa mpya, kwa hiyo yule mvuvi anapata vyumba zaidi na modeli inapata pa kuchora macho. Sisi tuliweka `Upscaler` ni `R-ESRGAN 4x+`, `Upscale by` 1.5, na `Denoising strength` 0.35. Hiyo namba ya mwisho ndo ya kuchunga. Ikikaa kwenye 0.7 inayokuja yenyewe, inabadilisha mpaka sura uliyoipenda, na ikishuka sana karibu na 0.1 inakuza tu bila kuongeza kitu. Kati ya 0.3 na 0.45 kwa upscaler ya aina hiyo ni eneo zuri. Ukichagua zile zenye jina `Latent` utahitaji kwenda juu ya 0.5, la sivyo picha inatoka na ukungu.

Kama sura moja tu ndo mbovu usirudie picha nzima. Ipeleke `img2img`, kwenye `Inpaint`, paka rangi juu ya kichwa, chagua `Only masked`. Hapo programu inakata kile kipande, inakikuza mpaka ukubwa ulioweka, inakichora kwa nafasi yote hiyo kisha inakirudisha mahali pake. Kichwa cha pikseli 40 kinapewa eneo kubwa kwa muda. Na promti ya hapo badilisha, iwe ya kile kipande tu, `face of an old fisherman, looking down`, usiache ile ya mama na chanja maana itajaribu kumchora mama mwingine ndani ya kichwa cha mvuvi. Kuna kiongezo kinaitwa `ADetailer` kinafanya hayo yenyewe kwa nyuso, kinazitafuta na kuzichora upya, kwa picha yenye watu wengi mwaloni kinaokoa muda sana.

Na hapo hapo niseme la kuchapa, kwa sababu kuna mteja anaulizia 8k kwa ajili ya bango. Kuandika 8k kwenye promti hakuongezi pikseli hata moja, picha inatoka ukubwa ule ule ulioweka kwenye `Width` na `Height`. Lebo ya sentimita 10 kwa 15 ukitaka dpi 300 inahitaji pikseli kama 1181 kwa 1772. Ile 832 kwa 1216 ukizidisha 1.5 unapata 1248 kwa 1824, imetosha na ukingo kidogo wa kukata umebaki. Piga hesabu hiyo kabla hujaanza, usisubiri mtu wa mashine akuambie picha ina chenga.

Dalili: rangi zimeungua, weusi mzito, kingo kama zimechongwa

Angalia mabano. Kwenye AUTOMATIC1111 kila bano linazidisha uzito kwa 1.1, kwa hiyo `(((ultra detailed)))` ni 1.331, na watu wanaweka mabano matano kwenye maneno manne. Ukisukuma maneno mengi hivyo picha inaanza kukaangika. Alafu angalia `CFG Scale`, mtu akiona modeli haimtii anapandisha mpaka 15. Irudishe 5 mpaka 7. Mabano yana kazi yake lakini weka kwenye kitu kinachoonekana ambacho modeli inakipuuza, mfano `(wire mesh rack:1.2)`, kimoja, na uzito usipite 1.3 bila sababu.

Sehemu ya `Negative prompt` nayo inajazwa vivyo hivyo, worst quality, bad anatomy, extra fingers, aya nzima. Andika vitu unavyoviona kwenye picha na huvitaki: `painting, 3d render, coconut trees`. Vinaonekana, vinaondoka.

Mahali ambapo maneno haya yanafanya kazi kweli

Hapa niwe mkweli kwa watu wa katuni za Kijapani. Kuna modeli ambazo waliozifundisha waliandika wenyewe daraja la ubora kwenye kila picha, nzuri ikapewa masterpiece au best quality, mbaya ikapewa worst quality. Animagine XL ni ya namna hiyo. Kwenye modeli kama hizo neno masterpiece ni swichi halisi, na ukiliondoa picha inashuka waziwazi. Pony Diffusion V6 XL nayo ina zake, inataka `score_9, score_8_up` mwanzoni, na hapo masterpiece haina uzito huo. Mazoea ya kuweka masterpiece na best quality yametokea sana kwenye katuni, watu wakachukua promti za katuni wakazibandika kwenye modeli za picha za kawaida. Kwa hiyo kabla ya kutumia modeli yoyote soma ukurasa wake pale ulipoipakua, aliyeitengeneza huwa anaandika maneno gani alitumia kwenye mafunzo. Kama hajataja masterpiece popote, usiiweke. Na hata kwenye Animagine unaweka mara moja kama ukurasa wake unavyosema, hauongezi ultra detailed na 8k juu yake.

FLUX.1 ya mwaka 2024 ni habari nyingine, msomaji wake mkuu wa maandishi ni T5, anabeba maelezo marefu zaidi na anapenda sentensi kamili, kwa hiyo ile promti ya mama na chanja unaweza kuirefusha, ukaeleza mpangilio wa boti, nani yuko kushoto na nani kulia. Sifa tupu huko hazina kazi kabisa.

Yule kijana lebo yake ilienda kuchapwa na promti ile ile ya mwisho, mandhari ya modeli, dagaa wa simu mbele. Kuna kazi mpya kaileta, mawese, chupa ya lita moja, na promti yake inaanza na `photo of`. Kwenye chikichi kaandika `ripe red palm fruit`, na modeli inamletea kitu kama nyanya ndogo, kwa hiyo tunajaribu kueleza umbo la mkungu wenyewe, miiba yake na ule weusi wa juu ya punje, `spiky bunch of oil palm fruit, dark red to black`, kwanza kwenye `Seed` moja, ikikubali tutaipitisha kwenye nne.